Kuchora Juu ya Picha Hakufichi Kamera Ilikuwa Wapi

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na kiongozi wa bendi ya hapa Moshi ninayoichorea kava la muziki wao: "Dada, wewe kata kila mtu kwenye picha yake, wabandike pamoja, halafu chora juu. Ukishachora, nani atajua?" Kauli hiyo imenichosha kwa sababu si kweli. Kuchora juu kunaficha kingo mbovu, chenga za picha iliyobanwa na rangi zisizoelewana. Hakufichi kamera ilishikwa kwa urefu gani. Tena picha ikishabaki mistari mitupu, kosa hilo ndilo linalotangulia kuonekana.

Chukua mfano. Kamera ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, mahali tambarare, mstari wa upeo wa macho utampita mtu wa mita 1.7 kidevuni. Asogee mbele, arudi nyuma, awe mkubwa au mdogo kwenye picha, mstari ule utabaki kidevuni pake. Sasa mlete mwenzake aliyepigwa picha na mtu aliyechuchumaa. Huyo mstari wake uko magotini. Ukiwasimamisha bega kwa bega, mmoja anaonekana jitu na mwingine kama anateleza kutoka kwenye kava. Msikilizaji hatakwambia kosa ni nini, atasema tu kwamba picha "haijakaa".

Nikipokea picha isiyo na ukuta wala dirisha la kunisaidia, naangalia mkanda wa suruali na pindo la fulana. Vitu hivyo vinauzunguka mwili kama pete. Vikiwa chini ya kamera, upande wa mbele unabonyea chini kama bakuli. Vikiwa juu ya kamera, unapinda juu kama upinde. Mahali pete inapoonekana imenyooka, hapo ndipo kamera ilipokuwa. Mkunjo huo unabaki hata ukichora kwa mistari mitatu.

Bendi hii ilinitumia picha tatu. Mpiga gitaa amesimama, mstari uko kidevuni. Mpiga drams amekaa kwenye kigoda, amepigwa na mtu aliyesimama, kwa hiyo mstari unapita juu ya kichwa chake. Mwimbaji alipigwa kutoka chini ya jukwaa, mkanda wake umepinda juu kabisa na mstari uko magotini. Wao walitaka wote watatu wasimame sambamba. Nilikataa.

Nilichora kwanza mstari mmoja wa kulala kwenye kava tupu la pikseli 3000 kwa 3000, ndipo nikamtundika kila mmoja kwenye mstari huo kwa sehemu yake. Mpiga gitaa akasimama ardhini. Mpiga drams akakaa mbele yake bila taabu yoyote. Mwimbaji, goti lake likiwa kwenye mstari, nyayo zake zikabaki hewani, kama mita moja juu ya ardhi: mita 1.5 ukitoa nusu mita ya goti. Nikamchorea ukuta wa mawe wa urefu huo, asimame juu yake. Ukuta ule wa mawe umeletwa na hesabu, na sasa wanauona kama wazo zuri la kava.

Mwanga haunisumbui hivyo, kwa sababu kivuli nakichora upya. Nyuma walitaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi. Ukiwa Moshi unautazama mlima ukielekea kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka kulia. Mwimbaji alikuwa na taa ya jukwaani upande wa kushoto. Nikafuta kivuli cha pua yake na kukihamishia upande wa pili. Mtu akashauri nigeuze kava zima kama kwenye kioo ili kazi iwe rahisi. Hapana! Mawenzi ingehamia kushoto mwa Kibo, jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa angelikataa, na mpiga gitaa angekuwa anapiga kwa mkono wa kushoto.

Kinachonikosesha usingizi ni uso wa mwimbaji. Kutoka chini, taya linakuwa pana, paji la uso linafupika, matundu ya pua yanaonekana. Juu ya ukuta, uso huo ndio sahihi. Lakini kava litaonekana zaidi kwenye simu, dogo kama stempu, na mashabiki wake wanamjua kwa uso wa kutazamana. Nimelirefusha paji kidogo na kuyapunguza matundu ya pua, yaani nimeivunja kanuni ninayoitetea hapa. Nimelipunguza kava mpaka upana wa kidole na kulitazama mara nyingi. Kuna wakati namwona ni yeye, kuna wakati naona kichwa cha picha nyingine, na leo jioni nitalifungua tena kabla sijawatumia.