Tiki-tiki ya asubuhi inayonyamaza injini ikipata moto

Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi huamka na baridi kali, na ndipo ninapoletewa magari yenye ugonjwa mmoja: moshi unaovuja kwenye manifoldi, chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba. Dereva huja mchana na kusema, "Fundi, asubuhi inapiga tiki-tiki-tiki, lakini ikisha kupata moto inanyamaza." Akiwasha mbele yangu, hakuna kitu. Injini bado ina joto la safari, nami namwambia aiache kwangu ilale.

Hiace moja ya petroli, taksi-basi ya Katuba, ilinifikia ikiwa imeshapita mikono ya mafundi wawili. Wa kwanza alikaza valvu. Wa pili alimwaga oili na kuweka nzito zaidi. Tiki-tiki ikabaki palepale. Maneno ya gereji ninayoyasikia juu ya ugonjwa huu nayajibu hapa moja moja.

"Hiyo ni sauti ya valvu, na valvu hunyamaza oili ikipata moto."

Kosa hili lina sababu. Valvu ya silinda moja hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini, na silinda hiyo hutoa moshi wake mara moja kwa mizunguko hiyo hiyo miwili. Kwa hiyo valvu iliyolegea na manifoldi inayovuja hupiga kwa mwendo uleule. Anayedai kuzitofautisha kwa kuhesabu mapigo anabahatisha.

Tofauti iko kwenye mzigo na kwenye muda. Sauti ya valvu haibadiliki sana ukipanda mlima. Mvujo wa moshi hukua ukikanyaga mafuta, kwa sababu presha inayosukuma kwenye tundu imeongezeka. Tena, tapeti za oili, zile zinazosukuma valvu, zikigonga asubuhi, kwa kawaida hunyamaza mara oili inapozijaza, sekunde chache au dakika moja hivi. Manifoldi hungoja chuma chenyewe kipate moto, na hiyo ni dakika kadhaa.

Kipimo ninachokiamini ni kuzima silinda mojamoja injini ikiwa baridi. Gari likiwa na injekta, nachomoa soketi ya injekta ya silinda moja kwa sekunde chache, kisha nairudisha. Sichomoi waya wa plagi, maana umeme wake unarusha mtu na petroli isiyoungua huishia kwenye katalisti, kisafishaji cha moshi. Kwenye Hiace ile, nilipozima silinda ya nne tiki-tiki ilikatika karibu yote. Valvu ingeendelea kugonga hata bila moto ndani, kwa kuwa inasukumwa na kamshafti.

"Ikinyamaza, imejiziba, hakuna shida."

Imejiziba kweli, kwa muda. Manifoldi nyingi, ile mafundi wetu wanayoiita kolektere, ni za chuma cha kutupwa. Chukua yenye urefu wa sentimita 40: ikipanda joto kwa digrii 500 hurefuka kama milimita 2. Hedi ya alumini iliyofungwa nayo hupozwa na maji na haifiki mbali na digrii 90, kwa hiyo yenyewe hurefuka zaidi kidogo ya nusu milimita. Chuma kinapovimba, ufa hubanwa na pengo la gasketi hupungua. Kikipoa, vyote hufunguka tena.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini stadi za mwishoni, zile boliti zinazoifunga manifoldi kwenye hedi, ndizo hukatika kwanza. Manifoldi huteleza juu ya hedi kila siku, kwenda na kurudi, na mwendo ni mkubwa kwenye ncha kuliko katikati. Matundu yake hutobolewa makubwa kuliko stadi kwa ajili hiyo. Ufa ukiendelea kukua hufika siku ambayo joto haliuzibi tena, na sauti hukaa mchana kutwa.

Kwenye Hiace lipo jambo jingine, na hapa huwa sicheki na dereva. Injini iko chini ya viti vya mbele. Moshi unaovuja kabla ya bomba una kaboni monoksidi isiyo na harufu, na asubuhi ya baridi abiria wote wamefunga vioo. Dereva yule alikuwa akilalamika kichwa kinamuuma kila alfajiri, akidhani ni usingizi. Nilimwambia asipakie mtu mpaka tumalize.

"Kaza nati tu."

Nati iliyolegea hukazwa, ndiyo, ila injini ikiwa baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kipimo. Stadi za milimita 8 mara nyingi hutaka kati ya 20 na 30 Nm, na kitabu cha injini husika ndicho kinachoamua. Anayekaza kwa nguvu za bega chuma kikiwa cha moto hukata stadi iliyokuwa nzima.

Kwa Hiace hii hapakuwa na cha kukaza. Nilipofungua bati la kuzuia joto, niliona masizi meusi yametapakaa kwenye hedi karibu na silinda ya nne. Kioo kidogo kikanionyesha nati ya nyuma haipo: stadi ilikuwa imekatika, imebakiza kama milimita 3 nje. Ili kujua kama manifoldi nayo ina ufa, nilipuliza hewa kidogo kidogo kwenye bomba la nyuma nikiwa nimelizungushia kitambaa, injini ikiwa imezimwa na baridi, kisha nikapaka maji ya sabuni. Mapovu yalitoka kwenye gasketi peke yake.

Stadi niliitoa kwa kuichomelea nati juu yake, betri ikiwa imechomolewa. Moto wa kuchomelea huilegeza kutu. Niliacha ipoe, nikaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, ikatoka. Ingekatikia ndani ya hedi, ingebidi kutoboa katikati kabisa, na mkono ukiyumba unaharibu nyuzi za alumini.

"Gasketi mpya inamaliza kazi, au silikoni."

Silikoni nyekundu ya dukani huvumilia kama digrii 300. Manifoldi hupita hapo. Gasketi mpya nayo haiwezi kunyoosha uso uliopinda. Niliweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi, na fila geji, kibamba chembamba cha kupimia pengo, ikapita kwa urahisi chini ya ncha ya silinda ya nne. Mkazo wa stadi ukipotea, ncha hiyo huinuka, na gasi ya moto huila gasketi. Tuliipeleka kusawazishwa kwa mashine.

Ingekuwa na ufa, ningetafuta manifoldi nyingine ya mtumba kabla ya kuwaza kuchomelea. Mji huu una wachomeleaji hodari, lakini chuma cha kutupwa kikichomelewa kwa fimbo ya kawaida huacha ukanda mgumu unaopasuka pembeni mwa kidonda. Inatakiwa fimbo ya nikeli, tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usitembee, chuma kipashwe moto kwanza, mishono iwe mifupi, kisha kipoe taratibu kikiwa kimezikwa kwenye majivu. Hata hivyo nyingi hurudi.

Tuliweka gasketi na stadi mbili mpya, ile iliyokatika na jirani yake iliyoanza kurefuka. Baada ya siku tatu za kazi dereva alirudi alfajiri, injini baridi, nikapima mkazo tena: nati mbili zilisogea robo mzunguko. Kichwa, alisema, hakimuumi. Ila kuna kitu kinalia "zzz" chini ya kiti, baridi na moto vilevile. Lilikuwa bati la kuzuia joto. Nilisahau boliti yake moja.