Chambo si skrini

Siku hizi kila kona ikizaa bao, utamsikia mchambuzi akisema "chambo amemzuia beki". Chambo hamzuii mtu. Chambo ni mchezaji anayekimbilia mahali ambapo mpira hauendi ili beki amfuate. Skrini ni mchezaji anayesimama kwenye njia ya beki ili beki achelewe. Wa kwanza anamdanganya beki, wa pili anamkwamisha, na ukiwachanganya hutaelewa kwa nini kona ileile inafaulu leo na kufeli wiki ijayo.

Tazama bao la kwanza la England dhidi ya Panama, Kombe la Dunia 2018. Trippier alipiga kona, Stones akafunga kwa kichwa akiwa peke yake karibu na nukta ya penalti. Panama walikuwa wanakaba mtu kwa mtu, na mbinu ya skrini kocha wa England wakati huo, Southgate, aliichota kwenye mpira wa kikapu.

Kona ya namna hiyo hupangwa hivi. Mpigaji akianza hatua zake, chambo anachomoka kuelekea nguzo ya karibu kwa kasi yote, kana kwamba mpira ni wake. Akikimbia kivivu, beki wake anabaki katikati na nafasi haifunguki. Skrini ametulia tayari. Mfungaji anasubiri kidogo, kisha anapita akikaribia kugusana bega na skrini. Akiacha upenyo wa hata nusu mita, mkabaji wake anapenya humo humo na kazi yote imepotea.

Hapo ndipo wengi hupiga kelele za faulo. Sheria inampa kila mchezaji haki ya mahali aliposimama. Kuwa njiani si sawa na kuingia njiani. Skrini aliyetangulia kusimama yuko salama. Akisogeza nyonga, akinyoosha mkono au kupiga hatua pembeni kumfuata beki, mwamuzi ana haki ya kupuliza.

Sasa timu inayokaba kwa eneo. Beki wa nguzo ya karibu hamfuati mtu, anausubiri mpira, kwa hiyo chambo anaweza kukimbia hadi jasho limtoke na asimhamishe yeyote. Skrini bado ana kazi, kwa sababu beki wa eneo naye lazima apige hatua kuufikia mpira. Na mkimbiaji wa nguzo ya karibu hapo inafaa aupate mpira kweli, auparaze kwa kichwa uende nyuma. Tahadhari moja tu: kona yenyewe haina ofsaidi, lakini akishaugusa yeye, ofsaidi imerudi kwa wenzake.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, yule uliyesema "ameukosa mpira" nguzo ya karibu, rudisha picha kidogo uangalie ni beki gani aliondoka naye.