Kijivu hakikubali kila ukuta: dhana potofu kuhusu rangi ya geti na mlango wa mbele

Dhana: Ukiwa na wasiwasi, chagua kijivu. Kinaenda na kila ukuta.

Dhana hii ndiyo inayoharibu sura za nyumba nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Chukua nyumba yenye kuta za krimu na paa la rangi ya matofali. Mwenye nyumba anaagiza geti la kijivu cha wastani akiamini hapo hawezi kukosea. Rangi inapokauka, geti linaonekana samawati. Fundi analaumiwa kwa kuchanganya vibaya, na duka linalaumiwa kwa kuuza kopo lisilo lenyewe. Mara nyingi kopo ni lile lile lililoagizwa.

Ukweli: Jicho huisoma rangi pamoja na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, alilieleza jambo hili mwaka 1839. Wafumaji walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza alikuta hazina kasoro. Zilibadilishwa sura na rangi zilizofumwa kando yake. Kwenye geti ni hivyo hivyo. Krimu nyingi zina manjano ndani yake, na manjano hukisukuma kijivu kilicho karibu kielekee upande wa bluu. Kama kijivu chenyewe kina tone la bluu tangu kiwandani, hali inazidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kadi ya rangi, jua ukuta wako umeficha nini. Shikilia karatasi nyeupe tupu kwenye ukuta, nje, mahali penye kivuli. Kando ya weupe ule, krimu uliyoizoea itajitokeza kuwa ya manjano, au ya waridi kidogo, au hata ya kijani. Ukikuta manjano na bado unapenda kijivu, tafuta kilichotiwa kahawia kidogo, kile kinachofanana na udongo mkavu. Kwa nyumba ile ya paa la matofali, mimi ningekiacha kijivu kabisa nikachukua kijani kilichokolea cha zeituni au kahawia ya chokoleti, kwa sababu zote mbili zinaelewana na ukuta na paa kwa wakati mmoja. Kijivu chenye bluu kina mahali pake: kuta nyeupe zisizo na manjano, au kuta ambazo zenyewe ni kijivu baridi.

Dhana: Kadi ya dukani inatosha kuamua.

Ukweli: Kipande kidogo chini ya taa hakikuonyeshi geti zima juani. Nje, rangi nyingi huonekana nyepesi kuliko zilivyoonekana dukani. Nunua kopo dogo, paka ubao au bati la sentimita 60 kwa 60 makoti mawili, kisha liegemeze pale geti litakapokaa. Litazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Halafu lihamishe mlangoni, kwa sababu hapo ndipo watu hushangaa: kijani kilekile kilichopendeza getini, chini ya kivuli cha baraza kinakaribia kuwa cheusi. Mlango wa namna hiyo uupe rangi iliyo ngazi moja juu kwenye kadi hiyo hiyo, yaani nyepesi kidogo, na rangi za geti na mlango zitaonekana sawa kwa macho.

Dhana: Geti na mlango lazima viwe rangi moja.

Ukweli: Majirani zao ni tofauti. Geti linaonekana pamoja na ukuta wa uzio, mlango pamoja na ukuta wa nyumba, na mara nyingi kuta hizo mbili hazifanani. Ukubwa nao una uzito wake. Geti la mita 4 kwa 2 ni mita za mraba 8. Mlango wa kawaida haufiki hata 2. Rangi kali inayochangamsha mlango inaweza kulemea uso mzima wa uzio. Geti lipewe rangi iliyotulia, na kama una hamu ya rangi ya kuchangamsha, ipeleke mlangoni.

Dhana: Nyeusi inayong'aa huficha kasoro zote.

Ukweli: Inazitangaza. Mng'ao mkali huonyesha kila mbonyeo wa bati na kila alama ya kulehemu, na vumbi huonekana haraka juu yake. Geti la bati jembamba lipakwe rangi yenye mng'ao wa wastani. Nyeusi pia hufyonza joto, hivyo geti linalopigwa na jua la mchana linaweza kukuchoma mkono.

Nyekundu kali nayo mara nyingi hupauka ikikaa juani miaka kadhaa. Anayependa nyekundu getini achukue ile ya matofali iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma, ambayo hustahimili jua vizuri, na ile kali aiweke kwenye mlango ulio barazani.