Kisigino kikinyanyuka unapochuchumaa, pima kifundo

Alinijia kijana anayenyanyua vyuma, analalamika maumivu ya mgongo wa chini. Kila akichuchumaa na chuma mabegani, mwalimu wake humwambia ainue kifua. Akikiinua, visigino vinaachia sakafu. Akivikandamiza chini, anainama mpaka kifua kinakaribia mapaja. Na hata hapo hafiki chini. Iliniuma kusikia ameambiwa ni mvivu, kwa sababu mwili wake ulikuwa unamzuia tu asianguke chali.

Ukichuchumaa, makalio huenda nyuma. Ili usianguke, uzito wako lazima ubaki juu ya nyayo, kwa hiyo kuna kitu kinapaswa kwenda mbele. Kazi hiyo ni ya goti: muundi unalala mbele na kifundo cha mguu kinajikunja. Kifundo kikigoma, goti linabaki nyuma, na cha kusogeza mbele ni kiwiliwili peke yake. Ndiyo maana mgongo unabeba mzigo zaidi. Kunyanyua kisigino ni njia ya pili: muundi unapata kulala bila kifundo kujikunja zaidi, ila sasa umesimama kwenye vidole tu.

Nilimpima ukutani. Unaweka wayo ukielekea ukuta, unagusisha goti ukutani bila kisigino kunyanyuka, kisha unasogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka mwisho wa uwezo wako. Unapima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Watu wengi hufika karibu sentimita 10. Mguu wake wa kushoto ulifika 11, wa kulia 4. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kifundo cha kulia kiliteguka miaka ya nyuma akicheza mpira.

Nikamwekea kipande cha mbao cha sentimita 2 chini ya visigino. Akashuka hadi chini, kifua kimesimama. Lakini mbao peke yake isikudanganye, maana humsaidia pia mwenye mapaja marefu ambaye kifundo chake ni kizima. Mtu huyo huinama kwa umbo lake, na kunyoosha kifundo hakutambadilisha. Mimi huamini mbao na ukuta vikikubaliana.

Swali lililobaki ni unahisi wapi unapofika mwisho. Kama kunavuta nyuma, chini ya kigimbi, ni msuli, nao hunyooshwa goti likiwa limekunjwa. Ukinyoosha goti limenyooka unaufikia zaidi msuli wa juu, ambao ukichuchumaa umelegea tayari. Yeye alihisi kubanwa mbele ya kifundo, maana yake kiungo chenyewe kinakwama. Kuvuta kigimbi kusingemsaidia sana. Nilikuwa nikiusukuma kwa mikono mfupa wa kifundo urudi nyuma huku yeye akipeleka goti mbele, na nyumbani akirudia zoezi la ukutani kila siku. Baada ya wiki nane alifika sentimita 7. Bado anavaa viatu vyenye kisigino kilichoinuka anapobeba uzito mkubwa, na mgongo umetulia.