Saba zenye mkia: karani wa usiku na ankara za mkaa

Nafanya ukaguzi wa ndani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufukua manunuzi hewa. Kisa hiki ni cha hoteli moja ya pwani ambayo sitaitaja. Kilianza na karani wa zamu ya usiku. Alikuwa binti wa mwaka wake wa kwanza kazini, na hakuna aliyekuwa amemfundisha jambo lolote kuhusu udanganyifu.

Zamu yake ilikuwa ya kufunga hesabu za siku. Ikifika saa saba usiku, wageni wamelala na baa imefungwa, anavuta boksi la karatasi za mchana na kuingiza ankara kwenye mfumo moja baada ya nyingine. Mchana ankara hazionekani hivyo. Ya mboga inakuja asubuhi na pikapu, ya mkaa inakuja mchana, ya mayai inaletwa na mama wa bodaboda, na kila moja inaishia kwenye faili la msambazaji wake. Mhasibu akilipa, anafungua faili moja tu. Aliyepanga wizi huu alijua utaratibu huo. Asichofikiria ni kwamba kuna mtu mmoja ambaye karatasi zote zinampitia mkononi kwa kikao kimoja, zikiwa zimepangwa kwa tarehe na sio kwa majina.

Usiku mmoja aliingiza ankara ya mkaa ya 480,000/=, akaigeuza, akachukua ya mboga ya 492,000/=, kisha ya mayai. Aliniambia baadaye: "Kaka, nilidhani nimerudia karatasi ileile." Vitabu vilikuwa vitatu tofauti, na majina ya biashara yaliyochapwa juu yalikuwa matatu. Ila namba 7 ilikuwa na kistari katikati na mkia uliokunjwa kushoto. Ile alama ya /= ilikuwa na kistari cha chini kirefu kuliko cha juu, kimepinda mwishoni kama ndoana. Na chini kabisa, kwenye zote tatu, mtu alikuwa ameandika "Imepokelwa". Sio Imepokelewa. Silabi moja imemezwa, mara tatu, na wafanyabiashara watatu wasiojuana.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilipoanza kazi nilikosea vilevile. Kufanana kwa mwandiko kuna ngazi zake. Saba yenye kistari na nne iliyo wazi juu ni tabia za kundi, maana mwalimu mmoja wa darasa la kwanza anaweza kuzipandikiza kwa watoto mia. Ukitoa ripoti kwa kutegemea hizo peke yake, utamtia hatiani mtu kwa sababu ya shule aliyosoma. Uzito uko kwenye tabia za mtu binafsi: mkia unaokunjwa kwa pembe ileile, mahali kalamu inaponyanyuliwa, urefu wa herufi moja ukilinganishwa na jirani yake, kosa la tahajia linalojirudia. Tena hata moja ya hizo haitoshi. Unatafuta mkusanyiko wake, na wakati huohuo unatafuta tofauti isiyoelezeka, maana hiyo moja inaweza kuubomoa mkusanyiko wote.

Hata ukijiridhisha kwamba mkono ni mmoja, bado hujathibitisha wizi. Katika biashara zetu, ankara ya mkono mara nyingi haiandikwi na muuzaji mwenyewe. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, lakini mchuuzi mdogo wa mayai au wa mchicha bado anakuja na kitabu alichokinunua duka la vifaa vya ofisi, na asiyejua kuandika anamwomba aliye karibu amwandikie. Aliye karibu, kwenye hoteli, ni mtunza stoo. Kwa hiyo mkono mmoja kwenye ankara tatu unaweza kuwa wizi, na unaweza kuwa wema.

Karani alifanya mambo mawili ambayo mpaka leo nayataja ninapofundisha. La kwanza, hakumwambia mtu wa zamu ya mchana. Aliandika kwenye kaunta buku lake namba za ankara, tarehe na kiasi, wiki tatu mfululizo, kisha akaniletea mimi nilipokuja kwa ukaguzi wa robo mwaka. La pili, hakuchora mduara kwa kalamu kwenye zile namba 7. Ankara iliyochorwachorwa na aliyeitilia shaka inapoteza nusu ya thamani yake.

Nilianza na kile kisichohusu mwandiko kabisa, yaani namba za kitabu. Faili la mkaa lilikuwa na ankara 23, kutoka 0112 hadi 0134, hakuna hata moja iliyoruka, zikiwa zimesambaa kwenye miezi mitano na ushee. Muuza mkaa gani hana mteja mwingine kwa miezi mitano? Kila moja ilikuwa na magunia 12 kwa 40,000/=, jumla 480,000/=. Kikomo cha mkuu wa manunuzi kuidhinisha bila meneja mkuu kilikuwa 500,000/=. Nikaenda jikoni kumuuliza mpishi wa choma anatumia magunia mangapi kwa wiki. Akacheka. Mawili, alisema, na wiki ya harusi labda manne.

Kisha daftari la geti. Hili ndilo kitabu ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu mlinzi anayeliandika hana habari na ankara. Lilionyesha gari la mkaa limeingia mara 4 tu katika kipindi chote. Ankara 19 hazikuwa na gari. Zidisha kwa 480,000, unapata 9,120,000/=. Mayai, kwa upande wake, yalikaa sawa: kila ankara ilikuwa na bodaboda yake getini, siku ileile.

Za mboga zilinisumbua zaidi. Pikapu ya mboga iliingia kweli, karibu kila siku, na sikuwa na njia ya kujua ilibeba kilo ngapi. Nyanya za mwezi uliopita zimeshaliwa.

Ndipo nikachukua tochi. Kalamu ya bolpeni inaacha mfereji kwenye karatasi ya juu, na mfereji hafifu kwenye karatasi iliyo chini yake. Ukizima taa za chumba na kulaza tochi karibu kabisa na meza, mwanga ukipita pembeni badala ya kuangukia juu, mifereji hiyo inatupa vivuli na unaweza kuisoma. Usisugue penseli juu yake kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Risasi ya penseli inaijaza mifereji, na maabara, ambayo ina mashine ya kuinua alama hizo kwa umemetuli na unga mweusi, haitakuwa na cha kuinua. Karatasi iingie kwenye mfuko wa plastiki, na kama utaandika lebo, andika kabla hujaiweka ndani. Nimewahi kuona ushahidi uliobeba alama mpya kabisa: jina la mkaguzi mwenyewe, aliloandika juu ya bahasha.

Kwenye ankara ya mkaa ya tarehe 3, chini ya maandishi yake, kulikuwa na mifereji isiyokuwa yake. Nilizungusha tochi kwa pembe nne ndipo nikasoma: "Viazi mviringo", halafu "Nyanya kg 60", halafu 492,000/= yenye ile ndoana. Nikafungua faili la mboga. Ankara hiyo ilikuwapo, neno kwa neno, na tarehe yake ilikuwa 24 ya mwezi uleule.

Hebu tulia hapo kidogo. Ankara ya mkaa ilikuwa imelipwa na kugongwa muhuri tarehe 10, na tangu siku hiyo ilikaa kwenye kabati la uhasibu. Ili ankara ya mboga iache alama juu yake, zote mbili zilipaswa kuwa juu ya meza moja kabla ya tarehe 10. Maana yake nyanya za tarehe 24 zilishapimwa kilo 60 wiki mbili kabla hazijaletwa. Ilibaki hoja moja ya kufunga, nayo ndiyo wakili yeyote angeanza nayo: je, kama mtu alilitoa faili la mkaa kabatini tarehe 24 na kuandikia juu yake? Ufunguo ulikuwa na mhasibu peke yake, na siku hiyo alikuwa likizo, kabati limefungwa. Kama asingekuwa likizo, ningeandika kwenye ripoti "inaelekea" na si zaidi.

Kwa kumtambua mwandishi nilitumia fomu za likizo za mtunza stoo na kurasa za daftari lake la stoo. Maandishi ya kazi za kila siku, aliyoandika bila kujua yatalinganishwa, ni bora kuliko kumkalisha mtu na kumwamuru aandike "Imepokelwa" mara ishirini. Akikaa mbele yako, mkono unajificha. Na tarakimu nililinganisha na tarakimu, maneno na maneno, kutoka karatasi halisi. Nakala ya kaboni inaficha mgandamizo wa kalamu, na fotokopi inaficha hata mahali iliponyanyuliwa. "Imepokelwa" ilijaa daftari zima.

Maoni yangu, hata hivyo, ni maoni. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu mahakama kusikia mtaalamu wa mwandiko, na pia mtu anayeuzoea mwandiko wa mhusika, lakini haimlazimishi hakimu kukubaliana na yeyote kati yao. Ndiyo maana ripoti yangu ilitanguliza geti, namba za kitabu na ile mifereji. Mwandiko niliuweka nyuma, ukiwa umeegemea hayo mengine. Mtunza stoo na mkuu wa manunuzi waliondoka, na jalada likaenda polisi.

Kosa langu lilikuwa upande wa mayai. Siku ya kwanza, kabla sijafika getini, niliagiza malipo ya wasambazaji wote watatu yasimamishwe, kisha nikazama kwenye mkaa na nikasahau kuagiza ya mayai yafunguliwe. Yule mama alikaa wiki sita bila kulipwa, na bado alileta trei zake. Nilipomwita kumuuliza nani anamwandikia, alisema, "Mwanangu, hesabu ninayo kichwani. Kuandika ananisaidia kijana wa stoo, tangu mwanzo, na hajawahi kunidai hata soda."

Alilipwa wiki hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa ukaguzi mwingine, nikafungua faili la mayai. Mwandiko ulikuwa umebadilika: nene, wa kulala, na herufi kubwa katikati ya maneno. Ilinichukua muda kukumbuka nimeuona wapi. Ulikuwa wa mlinzi, uleule wa daftari la geti.