Nembo kwenye picha si cheti cha kuzaliwa

Mtu anapakia picha kwenye modeli ya akili bandia, anauliza kama ni ya kweli, modeli inajibu kwamba picha "inaonekana kutoka" shirika fulani la habari, na mjadala unafungwa hapo hapo. Nembo imeonekana, basi picha halisi! Nimechoka kulijibu hili kipande kipande, kwa hiyo naliandika mara moja.

Kwanza, huna uhakika kama nembo imesomwa. Chukua picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye nembo ya pikseli 240 kwa 40 kwenye kona ya chini. Modeli nyingi hupunguza picha kabla ya kuitazama. Upana ukishuka hadi 1000, nembo inabaki 60 kwa 10. Kisha picha hukatwa vipande vya mraba, mara nyingi vya pikseli 14 au 16 kila upande, na kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ya namba. Kimo cha neno zima sasa ni kidogo kuliko cha kipande kimoja, na neno limechanganyika na majani au lami iliyo nyuma yake. Modeli ndogo zinazoshusha picha hadi 336 huachiwa nembo ya pikseli 20 kwa 3, yaani mstari tu.

Ajabu ni kwamba jibu huweza kuja sahihi hata hivyo. Rangi ya nembo, umbo lake, mahali ilipokaa na hata mtindo wa picha vinatosha kuifanya modeli ikisie jina maarufu. Kukisia si kusoma, na kwa kutazama jibu peke yake huwezi kutofautisha.

Jaribio lake ni rahisi. Tengeneza nakala, futa nembo, na mahali pale pale andika neno lisilo na maana, kwa mfano KALUMBO 73, kwa ukubwa na rangi ile ile. Uliza tena katika mazungumzo mapya, maana ya zamani yameshachafuka kwa jibu la kwanza. Ikitaja KALUMBO 73, inasoma. Ikirudia jina la shirika lile lile, ilikuwa inabahatisha. Ukitaka isome kweli, kata kona ile peke yake, kama pikseli 800 kwa 600 kutoka picha ya asili, uipakie hivyo. Kwenye modeli inayoshusha upana hadi 1000, herufi zitabaki na kimo chake cha pikseli 40. Alama za maji hafifu, zile zinazopitisha mwanga katikati ya picha, bado zinanisumbua: swali lile lile likirudiwa mara tatu linaweza kuleta majibu mawili tofauti.

Tuseme imesoma vizuri. Umepata nini? Umejua kwamba mtu fulani, wakati fulani, aliweka herufi zile juu ya pikseli zile. Kubandika nembo ni kazi ya dakika moja kwa yeyote mwenye simu. Haikuambii nani alipiga picha, lini, wala kama maelezo yanayosambaa nayo ni ya kweli. Picha halisi ya shirika halisi huzungushwa kila siku ikiwa na habari ya tukio jingine. Na kutokuwepo kwa nembo hakuthibitishi chochote, kona hukatwa.

Kisha wapo wanaosema: modeli ya kuchora ikitoa picha yenye alama ya maji, basi imenakili picha ya mtu. Hapa polepole. Mwaka 2023 wakala wa picha Getty Images iliishtaki Stability AI, kampuni yenye modeli ya kuchora, na miongoni mwa hoja zake kulikuwa na picha zilizozalishwa zikiwa na alama iliyopindapinda inayofanana na ya Getty. Alama kama hiyo ni dalili nzito kwamba picha zenye nembo ile zilikuwemo kwenye mafunzo. Lakini haithibitishi kwamba picha hii mahususi ina asili yake moja mahali fulani. Modeli ilikutana na alama ile mara nyingi hadi ikaihesabu kuwa sehemu ya mandhari, kama anga au nyasi. Kwa hiyo unapata nembo ya wakala wa picha juu ya tukio ambalo hakuna kamera iliyowahi kuliona. Anayetumia nembo kama cheti cha uhalisi ajibu hilo.

Alama zisizoonekana ni habari nyingine. SynthID, alama ya Google ya kutambulisha picha zilizotengenezwa na akili bandia, imefichwa ndani ya pikseli zenyewe na huhitaji kigunduzi chake; modeli ya kawaida ikikuambia kwa macho tu kwamba "haioni SynthID", imekuambia hewa. Taarifa za C2PA, kiwango cha kueleza picha ilitoka wapi na ilihaririwaje, zimetiwa sahihi ya kidijitali, lakini hukaa kwenye faili, si kwenye mandhari ya picha, na kupiga picha ya skrini kunaziacha nyuma. Ukitaka kuzikagua, omba faili la asili kabla halijapita kwenye programu za ujumbe.