Vinara vya infraredi: jinsi roboti inavyojipanga mbele ya chaja

Roboti ya kufagia au ya doria inapoishiwa chaji hurudi kwenye kituo chake na kugusisha bati zake za chini na bati za chaja. Kwa kawaida bati hizo huwa na upana wa sentimita chache tu, kwa hiyo roboti haiwezi kufika kwa kubahatisha. Njia rahisi ya kuiongoza, isiyohitaji kamera wala ramani, ni vinara vya infraredi: ledi mbili au tatu kwenye chaja zinazotuma namba, na risiva kwenye roboti zinazozisoma.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba kinara hakiiambii roboti chaja iko umbali gani wala pembe gani. Kinaiambia tu yenyewe iko upande gani wa chaja. Ledi ya kushoto inamulika eneo la kushoto, ya kulia eneo la kulia, na kati yao husimama kizuizi chembamba, kama pua kati ya macho mawili. Kizuizi hicho kikipimwa vizuri hubaki ukanda mwembamba wa katikati ambako namba zote mbili zinasikika. (Humu kushoto na kulia ni vya roboti inayotazama chaja.)

Roboti za Roomba za mfululizo wa 600 zinaonyesha wazi jinsi namba hizo zinavyopangwa. Msingi ni 160. Kinara chekundu kinaongeza 8, cha kijani kinaongeza 4, na uga wa karibu unaoizunguka chaja unaongeza 1. Roboti ikisoma 168 inapata chekundu peke yake. Ikisoma 172 inapata vyote viwili, yaani iko katikati. Na 173 ni katikati na karibu. Majina ya rangi ni ya kutofautisha tu, maana infraredi haionekani kwa macho.

Ukitengeneza ya kwako, tumia ledi za nanomita 940 zinazopepesa kwa kilohezi 38, na risiva ya aina ya TSOP4838, ambayo huchuja mwanga usiopepesa kwa kasi hiyo. Ledi zipokezane: ya kushoto itume, ipumzike, kisha ya kulia. Zikituma pamoja, namba zinachanganyika katikati, mahali pale pale unapozihitaji. Mapumziko nayo si ya hiari. Risiva za namna hii hupunguza usikivu wake zinapopata mawimbi yasiyokatika, kwa kuyachukulia kuwa kelele. Mzunguko mzima wa milisekunde 100 unatosha.

Sasa tuchukue roboti iliyo mita 1.2 mbele ya chaja na sentimita 40 kulia kwa mstari wa kati. Ina risiva tatu: ya mbele imewekwa ndani ya kibomba cheusi ili isikie mbele tu, na mbili za ubavuni ziko wazi zaidi. Kosa la kawaida hapa ni kuielekeza moja kwa moja kwenye chaja. Itafika, lakini imelala pembeni kwa digrii 18 hivi, na kwa karibu hakuna nafasi ya kuinyoosha. Kujipanga hufanywa mbali.

Kwa hiyo roboti inajizungusha kwenda kushoto mpaka chaja iwe ubavuni kwake kulia, yaani mpaka risiva ya kulia isikie namba ya kulia kwa uthabiti. Hapo inatazama mstari wa kati. Inakwenda mbele mpaka risiva hiyo hiyo isikie namba zote mbili. Isisimame papo hapo, kwa kuwa imegusa ukingo tu wa ukanda: isogee tena nusu ya upana wake. Kisha inazunguka kulia mpaka risiva ya mbele isikie zote mbili. Usiandike digrii 90 kwenye programu. Kwa mfano huu roboti ilikuwa ikijitenga kidogo na chaja huku ikivuka, hivyo inahitaji kuzunguka kama digrii 108. Iache risiva ndiyo iseme basi.

Kutoka hapo kanuni ni fupi. Tarakimu ni kasi ya gurudumu la kushoto na la kulia, kwa milimita kwa sekunde:

```
if (kushoto && kulia) endesha(100, 100);
else if (kulia)       endesha(70, 100);
else if (kushoto)     endesha(100, 70);
else                  simama();
```

Ikisikia kulia tu, imetokea upande wa kulia, kwa hiyo inapinda kushoto. Magurudumu yakiwa umbali wa milimita 230, tofauti hiyo ya 30 huizungusha roboti kama digrii 7.5 kwa sekunde. Risiva hukosa namba moja moja mara kwa mara, basi hesabu namba kuwa imepotea baada ya milisekunde 250, si mara tu inapokosekana.

Tatizo la kanuni hii ni kuyumba. Ukanda wenye digrii 3 kila upande una upana wa sentimita 10 hivi ukiwa mita 1, lakini sentimita 3 tu ukiwa sentimita 30. Roboti iliyopinda sekunde mbili ili irudi ndani imeshageuka digrii 15; itaukata ukanda mwembamba na kutokea upande wa pili. Dawa yake ni kwamba namba zote mbili zikirudi, roboti ipinde kinyume kwa nusu ya muda iliotumia kujirekebisha. Ukirudisha muda wote, umeirudisha kwenye uelekeo ule ule uliokuwa ukiitoa nje. Ikiingia kwenye uga wa karibu, punguza kasi iwe nusu.

Kufika hakuthibitishwi na vinara. Kunathibitishwa na volti ya chaja kuonekana kwenye bati za roboti kwa milisekunde 200 mfululizo, ndipo mota zizimwe. Volti ikiwaka na kuzimika, angalia kwanza uchafu kwenye bati kabla ya kugusa programu. Volti isipoonekana kabisa, roboti irudi nyuma sentimita 60, ijipange upya, na baada ya majaribio manne isimame, isije ikamaliza betri ikisukumana na chaja.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni roboti kudai iko katikati ilhali iko pembeni kabisa. Mara nyingi ni ledi zenye nguvu kupita kiasi: mwanga unagonga ukuta au sakafu inayong'aa na kurudi. Punguza mkondo wa ledi mpaka namba zisikike umbali unaouhitaji tu, na acha nusu mita wazi kila upande wa chaja. Sababu ya pili hufichika. Baadhi ya plastiki nyeusi hupitisha infraredi, na kizuizi cha plastiki hiyo ni sawa na hakipo. Kitazame kwa kamera ya simu ledi ikiwa inawaka nyuma yake. Kamera nyingi, hasa za mbele, huonyesha ledi hizo kwa rangi ya zambarau. Ukiona mwanga kupitia plastiki, weka bati la chuma lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa.

Roboti ikifika vizuri usiku na kupotea mchana, huenda chaja inatazamana na dirisha. Jua lina infraredi nyingi, na risiva iliyofurika huchuja vibaya hata kama ledi ni nzuri. Hamisha chaja, kuongeza nguvu ya ledi kutakurudishia tatizo la kuta.